Bushi ya Noah kwenye IST: uchambuzi wa meseji moja iliyokwenda kwa wanawake wawili

Kabla ya kuanza

Majina matatu utakayoyasoma humu ni ya kubandika. Nimempa mwanaume jina la Fadhili, na wanawake nimewaita Neema na Rehema. Haya mawili sikuyaokota tu: majina yao halisi nayo husikika pamoja kwenye sala moja, na bila uhusiano huo sehemu moja ya kisa haieleweki. Umri, mtaa wa kazi na saa nimevisogeza kidogo.

Fadhili alinisomea mazungumzo yake na kunipa ruhusa ya kuyaandika. Rehema alisoma rasimu akasahihisha sehemu mbili, nitazitaja mwishoni. Neema sikumpata kumwomba ruhusa, kwa hiyo maneno yake sijayanukuu hata mstari mmoja.

Usuli

Fadhili ana miaka 30 na kitu. Anauza vipuri vya magari kwenye duka la mtu maeneo ya Kariakoo, anaishi Tabata, na sehemu kubwa ya maisha yake ya mapenzi huendeshwa akiwa amesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine simu.

Alijiunga na programu ya kutafuta wenza, akapendwa na kupenda picha za watu kadhaa, na mwishowe wakabaki wawili aliokuwa akizungumza nao kwa maana. Neema walikuwa na siku 9, Rehema siku 5. Wote walishahamia WhatsApp. Hakuwa ameonana na yeyote kati yao wala hakuwa ameahidi lolote. Hilo nalisema mapema, kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki kuna mtu huruka juu na kusema, "Kwa nini alikuwa na wawili?" Kuzungumza na watu wawili ambao hujaonana nao si usaliti, na hata Rehema mwenyewe wakati huo alikuwa na mwingine anayejibizana naye. Kosa lililotokea ni jingine.

Kuna jambo moja dogo la kukumbuka. Siku ya Jumatatu Fadhili alimsimulia Rehema habari ya mteja aliyerudi dukani amefura kwa hasira. Mteja huyo ana Toyota IST, gari dogo, na fundi wa mtaani alimfungia bushi, zile raba za kwenye miguu ya gari, za Noah ambayo ni kubwa zaidi, akimwapia kwamba "hii inaingia zote". Baada ya siku 3 gari likawa linalia kila tuta kama mlango wa stoo. Rehema alicheka sana, akatuma ujumbe wa sauti ambao karibu wote ni kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kusikiana sauti.

Kilichotokea Alhamisi

Saa 12 na dakika 40 jioni, daladala ikiwa imeganda kwenye foleni ya Buguruni, Fadhili alimwandikia Neema hivi:

"Neema, wiki hii imekuwa ndefu ila kila nikisoma meseji zako nacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda ananiangalia. Jumapili jioni upo? Twende Coco tukale mihogo, pilipili uchague wewe, maji nabeba mimi."

Ni meseji nzuri, tusimnyime haki yake. Ina picha, ina mahali, ina siku, na haimlazimishi mtu kuvaa vizuri. Neema alikubali baada ya dakika chache.

Hapo ndipo furaha ilipomponza. Akaona kilichofanya kazi kwa mmoja kitafanya kazi kwa wa pili. Akainakili, akaibandika kwa Rehema, akafuta "Jumapili" akaandika "Jumamosi" ili ratiba zisigongane, akaisoma tena mara moja kuhakikisha siku imekaa sawa, akatuma. Siku ilikuwa imekaa sawa kabisa. Ila mwanzoni mwa meseji pale palikuwa bado pameandikwa "Neema".

Tiki zikawa za bluu papo hapo. Aliigundua kabla hajashusha simu, akashika meseji, akachagua "Delete for everyone". Pakabaki ile alama ya kijivu ya "This message was deleted". Mazungumzo yaliyofuata nayaweka kama Fadhili alivyonisomea:

Rehema: "Nimeshaisoma. Neema ni nani?"

Fadhili: "Aisee hii simu yangu inabadilisha maneno yenyewe 😅"

Rehema: "Inabadilisha Rehema inakuwa Neema?"

Fadhili: "Neema na rehema huenda pamoja bwana, hata wachungaji wanasema 😂😂"

Rehema: "Haya, usiku mwema."

Ilikuwa saa 1 na dakika 20 usiku. Dar es Salaam hakuna mtu mzima anayelala saa hiyo. Nusu ya jiji bado iko barabarani.

Maamuzi ya usiku ule

Fadhili alinipigia saa 2. Mimi ni dada yake wa mtaani, tumekulia kota moja, na amezoea kuniletea mambo yake yakishaharibika. Alikuwa na mpango wa kumpigia Rehema moja kwa moja, na akikosa kupokelewa atume ujumbe wa sauti. Pia alikuwa ameshaandaa utani wa tatu kuhusu majina, ambao nilimkatisha katikati.

Jambo la kwanza nililomwomba ni anisomee swali la Rehema. Akasoma: "Neema ni nani?" Nikamuuliza amelijibu wapi. Kimya. Lilikuwa limeulizwa mara mbili, kwa namna mbili, na yeye alikuwa amejibu kwa simu inayobadilisha maneno na kwa wachungaji. Mpaka swali hilo lijibiwe, kila atakachotuma kitasomeka kama njia ya tatu ya kulikwepa.

Kupiga simu tulikuacha. Mtu aliyekuaga saa 1 usiku amekuambia hataki kuzungumza, na simu inayoita inamlazimisha achague kati ya kupokea bila kupenda na kuiacha iite huku akiitazama. Ujumbe wa sauti nao tuliuacha, kwa sababu tofauti kidogo: sauti ya mtu anayejutia hubembeleza hata kama maneno yake ni makavu, na huwezi kuisoma haraka kwa jicho moja ukiwa sebuleni na mama yako. Maandishi yanampa nafasi ya kusoma, kuweka simu chini, na kusoma tena akipenda.

Kilichotuchukua muda mrefu ni neno "nilidanganya". Fadhili hakulitaka. "Dada, hilo neno zito kwa mtu wa siku 5." Alitaka aandike "nilichanganyikiwa". Nikamwambia kuchanganyikiwa kulitokea kwenye meseji ya kwanza. Ile ya simu kubadilisha maneno aliiandika akiwa na akili zake zote. Tulizunguka hapo karibu nusu saa. Mwisho alikubali, nadhani zaidi kwa sababu nilikuwa nataka kwenda kula.

"Samahani" tuliiweka mara moja tu. Katika rasimu yake zilikuwa 4, na samahani zikifika 4 anayeombwa hujikuta anafanya kazi ya kumliwaza muombaji. Vikatuni vya kucheka tuliondoa vyote.

Saa 3 na dakika 10 usiku alituma hii:

"Rehema, simu haikubadilisha kitu. Nilidanganya, samahani. Ile meseji niliiandika kwa Neema, mtu ninayeongea naye kama ninavyoongea na wewe, na bado sijaonana naye. Nikainakili, nikabadilisha siku, nikasahau jina. Yaani nimekuwa yule fundi: nimechukua bushi ya Noah nikakuuzia wewe mwenye IST nikakwambia inaingia. Una haki ya kurudisha mzigo. Mwaliko wa Jumamosi naufuta, maana haukuwa wako. Siku nikiwa na wako nitauandika mwanzo hadi mwisho."

Kisha akaweka simu kwenye chaji chumba kingine. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya makubaliano: hakuna meseji ya kuuliza kama ameiona.

Kilichofuata

Tiki zilikuwa za bluu kabla ya saa 4 usiku. Jibu halikuja. Kesho yake saa 4 asubuhi Rehema aliandika:

"Bushi ya Noah kwenye IST hata Tabata haifiki."

Na dakika moja baadaye: "Mambo vipi Baraka?"

Baraka si jina lake. Kwa wiki nzima iliyofuata Rehema hakumwita Fadhili kwa jina lake hata mara moja. Ijumaa alikuwa Baraka, Jumamosi Hamisi, Jumapili mchana Emmanuel. Kila jina Fadhili alilipokea na kuliitikia kama lake. Siku ya Hamisi aliulizwa anaendeleaje, akajibu kwamba Hamisi hajambo ila anasikia kuna kijana mmoja anaitwa Fadhili ana hali mbaya. Rehema alicheka, na kwa sauti, maana alirekodi.

Jumatatu akajisahau. Rehema alimwita Ombeni, naye badala ya kuitikia akajibu, "Poa sana Zuhura." Alidhani wanacheza mchezo mmoja. Rehema alisoma, hakujibu mpaka Jumanne jioni, na aliporudi hakukuwa na jina lolote la utani. Ilibidi mambo yaanze kupoa upya.

Walionana baada ya wiki 2 na siku kadhaa. Mwaliko ulikuwa wa Rehema, mahali alipachagua Rehema, na haikuwa Coco. Walivuka na pantoni kwenda Kigamboni, wakala samaki, wakarudi mapema. Tangu hapo wameonana mara kadhaa. Ninapoandika hawajachumbiana wala hawajaachana. Wanazungumza.

Jumapili ya Coco

Neema naye alikuwa na mwaliko wake, na huyu alitumiwa meseji yenye jina sahihi. Hakujua lolote. Fadhili alikwenda Coco akiamini upande huu uko salama.

Walikaa karibu na wauza mihogo, upepo mzuri, na katika mazungumzo Neema akamuuliza ni meseji yake ipi iliyomchekesha kwenye daladala mpaka konda akamwangalia. Aliuliza kwa uzuri tu, kama mtu anayetaka kusikia tena sifa yake. Fadhili hakuwa na jibu. Hakukuwa na meseji wala konda. Ulikuwa mstari ulioandikwa kwa sababu unasikika vizuri.

Akaamua kusema ukweli, na hapo namsifu. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa: akatumia utani uleule. Akamwambia Neema kwamba amekuwa kama fundi anayeuza bushi ya Noah kwa mwenye IST. Neema hakuwahi kusikia habari ya fundi yule. Ilibidi Fadhili aeleze bushi ni nini, inakaa wapi, kwa nini ya Noah haiingii kwenye IST, na kufikia hapo mihogo ilishapoa. Neema alikuwa mpole, akamaliza kula, akaaga kwa adabu. Mazungumzo yao yalikonda ndani ya wiki ile, yakaisha bila ugomvi.

Uchambuzi: jina na nakala ni makosa mawili

Watu wengi waliosikia kisa hiki wanadhani tatizo lilikuwa jina. Jina lilikuwa tundu tu la kuchungulia, na Rehema alipochungulia aliona mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kwamba kuna mwanamke mwingine. Hilo kwa watu wa siku 5 linauma kidogo na kupita. La pili ni kwamba maneno aliyokuwa anaambiwa hayakuwa yake, na hilo ndilo lenye sumu. Angalia tena ile meseji. Mwaliko wa mihogo ukinakiliwa hauna ubaya mkubwa, mihogo ni ya wote. Swali la "Jumamosi upo?" likinakiliwa halimdhuru mtu. Lakini "nikisoma meseji zako nacheka peke yangu" ni madai kuhusu yeye. Ni sentensi inayosema: umenigusa, na nina ushahidi, hata konda ameona. Sentensi hiyo ikienda kwa watu wawili inakuwa uongo kwa angalau mmoja. Na kama Coco ilivyoonyesha, inaweza kuwa uongo kwa wote wawili. Neema alipata jina lake sahihi na bado nakala ikamfikia.

Ndiyo maana utani wa kurekebisha jina haukuweza kufanya kazi kwa Rehema. Ulikuwa unajibu kosa dogo na kuliruka kubwa.

Kufuta

WhatsApp inaruhusu kufuta meseji kwa wote kwa zaidi ya siku 2, na kuihariri ndani ya dakika 15. Fadhili alikuwa ndani ya muda wa vyote viwili, na havikumsaidia. Kufuta kuna maana kama tiki bado ni za kijivu, na hata hapo alama ya "This message was deleted" hubaki ikiuliza swali lake yenyewe, kwa hiyo lazima uandike kitu mara moja: "Nimefuta, nilikosea jina." Kuhariri huacha neno "Edited" pembeni ya saa. Tiki zikishakuwa za bluu, kufuta hakufuti kosa. Kunaongeza la pili mbele ya shahidi aliyeona la kwanza.

Rehema aliniambia kwamba alama ile ya kijivu ilimkera kuliko jina lenyewe. Jina lilisema amekosea, alama ikasema anaficha.

Utani ulioanguka na ule uliosimama

Ule wa neema na rehema, kwa maneno matupu, ni mzuri. Nilipousikia nilicheka, na nadhani hapo ndipo mtego wake ulipo: unachekesha kila mtu isipokuwa yule mmoja. Ulimleta Neema na kumketisha kando ya Rehema, ukawafanya jozi, na aliyeonekana kufurahia jozi hiyo ni Fadhili. Aliyeumizwa alikuwa ndiye mada ya kichekesho, na mkosaji ndiye aliyekuwa jukwaani.

Wa bushi ulielekea kwa Fadhili mwenyewe. Alijiweka kwenye nafasi ya fundi tapeli, mtu ambaye yeye na Rehema walishamcheka pamoja Jumatatu. Ulikuja baada ya kosa kutajwa kwa jina lake, kwa hiyo haukuwa pazia. Na ulifanya kitu cha tatu ambacho mimi sikukiona usiku ule, nilikiona baada ya habari za Coco. Kosa lilikuwa kumfanya Rehema aonekane kama mtu yeyote, kifaa kinachoingia zote. Utani ule ulitengenezwa kwa kumbukumbu ambayo watu wawili tu duniani walikuwa nayo. Ulikuwa ushahidi kwamba anamkumbuka yeye, siyo mwingine. Alipouhamishia kwa Neema ulikufa kwa sababu hiyohiyo: msamaha nao ulikuwa umenakiliwa.

Kuna wanaosema Watanzania tunataniana, kwa nini Rehema asichukulie poa? Tunataniana, ndiyo, lakini kwa utaratibu. Mpare na Mchaga wanarushiana maneno ambayo wengine yangewapeleka polisi, na mtani anaweza kuja msibani akachekesha waliofiwa, kwa sababu ruhusa ilikuwepo tangu enzi za babu zao. Utani hauanzii msibani. Watu wa siku 5 hawana ruhusa hiyo bado, inabidi mmoja aitoe. Katika kisa hiki aliyeitoa ni Rehema, alipoandika "Mambo vipi Baraka?" Na aliitoa kwa upande mmoja: yeye kumwita Fadhili majina ya watu, Fadhili kuitikia. Ile "Poa sana Zuhura" ya Jumatatu iligeuza upande bila idhini. Kwa Rehema, Zuhura hakuwa kichekesho, alikuwa uwezekano wa mwanamke wa tatu.

Kabla meseji haijaondoka

Sehemu hii ni fupi. Fadhili alikagua siku kwa sababu siku ndiyo iliyokuwa ikimtia wasiwasi, na jicho hurudi kwenye kile ulichokibadilisha. Kama ni lazima unakili, basi nakili swali au mwaliko, na sifa iandike kwa mkono kila mara, au usiiandike. Jina nalo mara nyingi halihitajiki. Kiswahili kina "mambo", "vipi", "za jioni", na hakuna anayelalamika kwamba hakutajwa. Wapo wajanja wanaowaita wote "mrembo" ili wasije wakakosea. Hao hawajapona ugonjwa, wamezima tu taa ya dashibodi.

Masahihisho ya Rehema

Nilimpa Rehema rasimu nikidhani atasifia sehemu ya bushi. Alisema ile ya bushi haikumchekesha usiku ule hata kidogo, ilimchekesha asubuhi, akiwa kwenye mwendokasi, alipoifikiria tena. Usiku ule alichokishika ni sentensi mbili ambazo hazina utani wowote: "Simu haikubadilisha kitu" na "Mwaliko wa Jumamosi naufuta, maana haukuwa wako". Alisema bila hizo asubuhi isingefika, angekuwa ameshaizuia namba. Nimeacha uchambuzi wangu wa bushi kama nilivyouandika, ila usomwe pamoja na hilo.

Sahihisho la pili lilikuwa la neno moja. Alifungua simu, akapandisha mazungumzo mpaka Alhamisi ile, akanionyesha. Hakuwa ameandika "Haya, usiku mwema." Alikuwa ameandika, "Haya kaka, usiku mwema."

Nilimuuliza Fadhili kwa nini aliliruka alipokuwa akinisomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa tayari kuitwa Baraka, Hamisi, hata Ombeni, lakini hilo la kaka alishindwa kulitamka.